Hedhi Ikikatika Kabla ya Miaka 40

Leo nazungumza na dada zetu walio chini ya miaka 40 ambao hedhi imeanza kuruka miezi, au imekatika kabisa, ilhali hawana mimba wala hawanyonyeshi. Nazungumza pia na waume zao, mama zao na mawifi zao, kwa sababu katika jambo hili maamuzi mengi hufanyika sebuleni kabla mgonjwa hajafika hospitalini.

Hali ninayoizungumzia ni ile ya ovari kupungukiwa na kazi yake kabla ya wakati, yaani kabla mwanamke hajatimiza miaka 40. Si ya nadra kama ilivyodhaniwa. Zamani ilikadiriwa kuwa humpata mwanamke mmoja katika kila 100. Mwongozo wa kimataifa uliotolewa mwaka 2024 na vyama vya madaktari wa uzazi na wa ukomo wa hedhi unataja asilimia 3.5, maana yake katika kila wanawake 100 ni watatu hadi wanne.

Kinachonisukuma kulisema hewani ni hiki. Dada akipewa jibu hili, yeye na familia yake husikia neno moja tu: hutazaa. Machozi yakikauka, safari ya hospitali nayo huishia hapo. Kwamba mwili wake umebaki bila homoni ambayo ungepaswa kuwa nayo kwa miaka kumi au ishirini zaidi, na kwamba mifupa yake imeshaanza kupungua, hakuna anayemwambia, na yeye mwenyewe hahisi kitu. Suala la mtoto ni zito na nitalizungumzia. Lakini homoni iliyokosekana inaweza kurudishwa kwa dawa, na dada huyu anayo haki ya kulijua hilo siku ileile anayopewa jibu.

Tumchukue dada mmoja wa mfano. Simpi jina, kwa sababu mambo yake nimeyakusanya kutoka kwa wengi. Ana miaka 31, ni fundi cherehani, na ana mtoto mmoja wa miaka sita. Alipojifungua alitumia sindano ya uzazi wa mpango, ile ya miezi mitatu. Akaiacha kwa kuwa yeye na mumewe walitaka mtoto wa pili. Hedhi ilirudi, ikaenda vizuri kwa muda, kisha ikaanza kuruka: mwezi huu ipo, miezi miwili haipo. Sasa ni mwezi wa sita hajaona damu.

Usiku anaamka amelowa jasho, kanga inakamulika. Mchana akiwa kwenye cherehani joto linampanda ghafla kifuani hadi usoni, linakaa dakika chache, linaondoka. Mara mbili amekwenda kupima malaria, na mara zote mbili hakukutwa nayo. Usingizi umepungua, hasira zimekuwa karibu, na tendo la ndoa linamuumiza kwa ukavu. Wifi yake ana hakika kwamba sindano ndiyo iliyomharibu kizazi. Jirani amemletea dawa ya mitishamba ya kusafisha kizazi. Duka la dawa wamemwambia homoni zimevurugika na kumuuzia vidonge.

Hebu tuanze na sindano, kwani ndiyo inayobebeshwa lawama nyingi. Ni kweli kwamba sindano ile huzuia hedhi kwa wanawake wengi wanaoitumia, na ni kweli kwamba baada ya kuiacha uzazi huchelewa kurudi, kwa wengine miezi kadhaa na kwa wengine mwaka au hata mwaka na nusu. Lakini sindano haimalizi mayai. Na dada yetu huyu hedhi ilikwisha kurudi, ikaenda sawa, ndipo ikaanza kukatika upya. Tatizo lililoanza baada ya mwili kurejea katika hali yake halitokani na sindano. Kuendelea kusubiri dawa imtoke mwilini ni kupoteza muda.

Sasa tuangalie kinachotokea ndani. Mtoto wa kike huzaliwa na akiba yake yote ya mayai, kati ya milioni moja na mbili. Mengi hufa yenyewe taratibu, kiasi kwamba anapovunja ungo yamebaki kama laki tatu hadi nne. Katika maisha yake yote yatakayopevuka na kutoka ni kama 400 au 500 tu. Kila yai hukaa ndani ya kifuko chake kidogo katika ovari, na vifuko vinavyokua ndivyo vinavyotengeneza estrojeni, homoni inayojenga ukuta wa mji wa mimba, inayolinda mifupa na mishipa ya damu, na inayotuliza mitambo ya joto la mwili. Kwa wanawake wengi akiba hii huishia kwenye miaka kama 50. Kwa dada zetu hawa akiba imekwisha mapema, au mayai yapo lakini vifuko haviitikii tena ipasavyo.

Anayevichochea vifuko hivyo ni homoni iitwayo FSH, inayotoka kwenye tezi ya pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Tezi hii huituma FSH kama mgeni anayepiga hodi mlangoni. Ovari ikiitika, yaani ikitoa estrojeni ya kutosha, hodi hupungua. Ovari isipoitika, mgeni hupandisha sauti, tena na tena. Kwa hiyo FSH ikiwa juu sana kwenye damu ya mwanamke ambaye hedhi imekatika, tunajua kwamba ubongo unafanya kazi yake na tatizo liko kwenye ovari.

Na hapa ndipo kipimo hiki kinapoonyesha thamani yake, kwa sababu hedhi hukatika kwa mambo mengi. Yuko mama aliyetokwa damu nyingi sana wakati wa kujifungua, na tezi yake ya pituitari ikaathirika kwa kukosa damu. Huyo naye hedhi hairudi, na mara nyingi hata maziwa hayakutoka. Lakini akipimwa FSH itakuwa chini, au itaonekana ya kawaida wakati ilipaswa kuwa juu, kwa maana hapo anayepiga hodi ndiye aliyeishiwa sauti. Yuko mwingine ambaye kifua kikuu kilishambulia mji wa mimba, au alisafishwa baada ya mimba kuharibika na kuta zikashikana. Huyo FSH yake ni ya kawaida, kwani ovari ni nzima. Wanawake watatu, malalamiko yanafanana, matibabu ni tofauti kabisa. Bila kipimo hiki wote watatu wataambiwa homoni zimevurugika.

Turudi kwa dada yetu. Alipofika kliniki ya magonjwa ya wanawake, daktari hakukimbilia FSH. Alianza na kipimo cha mimba cha mkojo, kama inavyopasa kwa kila mwanamke ambaye hedhi imekatika. Hakuna mimba. Akamuuliza dawa zote anazotumia. Swali hili lina sababu yake: mwanamke aliye kwenye vidonge vya majira au homoni nyingine FSH yake hushushwa na dawa, akapewa jibu zuri la uongo. Vile vidonge alivyouziwa dukani vilikuwa na homoni ndani, kwa hiyo aliambiwa aviache kwanza na arudi baada ya wiki kadhaa.

Damu ikachukuliwa kwa vipimo vinne: FSH, estradioli ambayo ndiyo estrojeni kuu, homoni ya tezi ya shingo inayoandikwa TSH, na prolaktini, kwa sababu tezi ya shingo ikilegea au prolaktini ikipanda hedhi nayo hukatika. Kwa kuwa hakuwa na hedhi kabisa, siku yoyote ilifaa. Mwanamke ambaye bado anaona damu mara mojamoja hupimwa siku ya pili hadi ya tano tangu damu ianze, kwa sababu katikati ya mwezi, yai linapokaribia kutoka, FSH hupanda kwa muda mfupi hata kwa mtu mzima wa afya, na jibu la siku hiyo laweza kumtia mtu hofu ya bure.

Majibu yakatoka. Tezi ya shingo sawa, prolaktini sawa, estradioli iko chini, FSH ni 31. Mstari unaotumika ni 25. Maabara nyingine huandika mIU/mL na nyingine IU/L. Usihangaike, namba ni ileile. Kwa mwongozo wa 2024, mwanamke aliye chini ya miaka 40, ambaye hedhi imevurugika au kukatika kwa angalau miezi minne, na FSH yake imezidi 25, kipimo kimoja chaweza kutosha. Mwongozo wa 2016 ulitaka viwili vilivyoachana kwa zaidi ya wiki nne. Leo cha pili hufanywa pale penye shaka, baada ya wiki nne hadi sita. Daktari wa dada yetu aliona 31 iko karibu mno na mstari, akarudia baada ya wiki tano. Safari hii ilisoma 58. Shaka ikaisha.

Kuna kipimo kingine kinachouzwa sana siku hizi kwenye maabara za binafsi, kinachoandikwa AMH, cha kukadiria akiba ya mayai. Kina kazi yake kwenye kliniki za kupandikiza mimba, lakini si cha kuanzia. Wapo akina dada wanaopata hedhi kila mwezi bila tatizo, wakapimwa AMH ikaonekana ndogo, wakaambiwa ovari zimekufa. Si kweli. Anayepata hedhi kwa mpangilio na FSH yake ni ya kawaida hana ugonjwa huu.

Kisha likaja swali la kwa nini. Niseme kwa unyofu, kwa wanawake wengi chanzo hakipatikani, na hilo si uzembe wa daktari. Lakini kuna mambo ambayo lazima yaulizwe. Je, alitibiwa saratani kwa dawa kali za mishipani au kwa mionzi ya nyonga? Wanawake vijana wanaotibiwa saratani ya shingo ya kizazi kwa mionzi hupoteza kazi ya ovari, na mara nyingi hakuna anayewafuatilia kwa upande huo baada ya saratani kupona. Je, alifanyiwa upasuaji wa ovari? Je, mama au dada yake alikoma hedhi mapema? Je, kuna mtoto wa kiume katika ukoo mwenye ulemavu wa akili uliokosa maelezo? Swali hili la mwisho hushangaza watu, lakini kuna jeni iitwayo FMR1 ambayo hasara yake kwa wavulana huwa ni hiyo, na kwa wanawake wanaoibeba kwa kiwango cha chini huweza kumaliza ovari mapema. Kwa wengine ni kinga ya mwili inayoshambulia ovari, na kinga hiyohiyo yaweza kushambulia tezi ya shingo au tezi zilizo juu ya figo. Ndiyo maana anayeanza kuishiwa nguvu kupita kiasi, presha ikashuka na ngozi ikazidi weusi kwenye mikunjo, asikae nyumbani akisema ni mawazo. Arudi hospitali haraka.

Sasa tuje kwenye mtoto. Dada yetu alikuwa amekwisha kutumia klomifeni kwa miezi minne kabla ya kufika kliniki, dawa ambayo wengi huianza wenyewe wakitafuta ujauzito. Tukumbuke tulichosema kuhusu FSH, tutaona mara moja kwa nini haikumsaidia. Kazi ya klomifeni ni kuihadaa pituitari ione estrojeni ni kidogo, ili iongeze FSH. Huyu FSH yake tayari iko juu kupita kiasi. Kuongeza dawa hiyo hapa ni kumwongezea gharama tu. Hali ni ileile kwa sindano za kusisimua mayai, na kwa mitishamba inayodaiwa kusafisha kizazi. Wapo pia wanaotangaza kuchoma plazma ya damu yako mwenyewe ndani ya ovari ili kuziamsha. Haijathibitishwa kuwa inafanya kazi, na usilipie kitu hicho kama tiba.

Pamoja na hayo, mlango haujafungwa kabisa. Ovari za namna hii huweza kuzinduka ghafla, zikatoa yai mwezi mmoja kisha zikanyamaza tena. Wanawake wapatao watano katika kila 100 wenye hali hii hushika mimba wenyewe, bila dawa ya uzazi. Hakuna awezaye kutabiri ni nani wala ni mwezi gani. Kwa hiyo anayetaka mtoto aendelee kukutana na mumewe bila kukata tamaa na bila kuuza shamba. Na asiyetaka mtoto ajue kwamba bado anahitaji njia ya uzazi wa mpango. Wengine wameshika mimba wakidhani haiwezekani.

Njia yenye nafasi kubwa ya kufanikiwa ni yai la kuchangiwa na mwanamke mwingine, linalorutubishwa maabara kwa mbegu za mume, kisha kiinitete kinawekwa katika mji wa mimba wa dada mwenyewe. Mji wake wa mimba ni mzima; ukiandaliwa kwa estrojeni na projesteroni unaweza kubeba mimba mpaka mwisho. Huduma hiyo ipo katika miji mikubwa ya Afrika Mashariki, na gharama yake ni mamilioni ya shilingi. Tena si kila nyumba itaikubali. Mafakihi wengi wa Kisunni hawaruhusu yai la mtu wa tatu katika ndoa, na Kanisa Katoliki nalo halikubali. Hilo wanandoa walipime wao, pamoja na kiongozi wao wa dini wakitaka, bila kusukumwa na kliniki wala na mama mkwe. Wapo waliochagua kulea mtoto wa ndugu au yatima, na wapo waliotosheka na mtoto waliyenaye. Wote hao bado wanahitaji matibabu ninayoyafikia sasa.

Mfupa, msikilizaji, haukai kama ulivyo. Kila siku kuna seli zinazoubomoa na nyingine zinazoujenga upya, na estrojeni ndiyo inayowazuia wabomoaji wasizidi wajenzi. Uzito wa juu kabisa wa mfupa mwanamke huufikia katika miaka ya ishirini, kuelekea mwishoni mwake. Baada ya hapo anaishi kwa akiba. Mama wa miaka 51 anayekoma hedhi huanza kupunguza akiba hiyo akiwa na umri huo. Dada wa miaka 31 ameanza miaka ishirini kabla yake, na kasi ya upungufu huwa kubwa hasa katika miaka ya mwanzo. Mfupa unaopungua hauumi. Atakuja kujua siku atakayoteleza kwenye kibaraza akavunjika kifundo cha mkono au nyonga, katika umri ambao wenzake wanajikung'uta vumbi na kuendelea na safari. Na si mifupa peke yake. Mwanamke anayeachwa bila estrojeni tangu ujana, hatari yake ya kupata maradhi ya moyo inaongezeka.

Kipimo cha wingi wa madini kwenye mfupa ni picha ya eksirei maalumu iitwayo DEXA, ya uti wa mgongo na nyonga. Inapopatikana, ifanywe mwanzoni. Mashine hizi ni chache kwetu, na hapa nasisitiza: kukosa DEXA si sababu ya kuchelewesha dawa. Tunajua kinachotokea kwenye mfupa usio na estrojeni hata kama hatujaupiga picha. Zile dawa za mifupa wanazopewa wazee zisiwe za kwanza kwa mwanamke kijana, kwa kuwa hukaa ndani ya mfupa miaka mingi na huyu bado aweza kushika mimba. Chakula kisaidie: lengo ni miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku. Kikombe kimoja cha maziwa au mtindi hutoa kama 300, na dagaa wanaoliwa na mifupa yao huongeza nyingi. Atembee, abebe, apande ngazi, aache sigara, apate jua. Lakini maziwa na dagaa havichukui nafasi ya homoni.

Matibabu yenyewe ni kurudisha kile kilichokosekana. Kuna sehemu mbili. Ya kwanza ni estrojeni. Kwa mwanamke kijana, dozi inayokidhi mifupa ni estradioli ya kumeza angalau miligramu 2 kwa siku, au kibandiko cha ngozi cha mikrogramu 100. Dozi ndogo wanazopewa akina mama wa miaka 55 kwa ajili ya joto la mwili huwa hazimtoshi. Kibandiko ni bora kwa mwenye presha, uzito mkubwa au historia ya damu kuganda, ila hakipatikani kirahisi katika maduka yetu ya dawa.

Sehemu ya pili ni projesteroni, na hii ni lazima kwa kila mwenye mji wa mimba. Estrojeni ikiachwa peke yake huukuza ukuta wa mji wa mimba mwezi baada ya mwezi, na mwishowe waweza kugeuka saratani. Dada yetu aliandikiwa estradioli miligramu 2 kila siku bila kuacha, na projesteroni ya asili miligramu 200 usiku kwa siku 12 za kila mwezi. Akimaliza siku hizo 12 hutokwa damu. Alipoiona mara ya kwanza alimpigia mama yake simu kwa furaha kwamba mayai yamerudi. Ilibidi aelezwe kwa upole kuwa ile ni damu inayoletwa na dawa, ishara kwamba ukuta umejisafisha, na kwamba haielezi lolote kuhusu mayai. Na mwezi wowote damu isipokuja kama kawaida, apime mimba.

Wapo watakaopewa vidonge vya majira badala yake, kwa kuwa ni rahisi, vinapatikana, na humkinga asiyetaka mimba. Vinaweza kutumika, ila estradioli hulinda mifupa vizuri zaidi. Na kuna jambo moja la kuangalia kwenye pakiti. Vile vidonge saba vya mwisho, ambavyo mara nyingi ni vya kahawia na vina madini ya chuma, havina homoni. Kwa mwanamke mwenye ovari nzima hilo si tatizo. Kwa huyu wetu, siku 7 katika kila 28 ni robo ya mwaka mzima bila homoni, na joto na jasho hurudi wiki hiyohiyo. Amuulize daktari wake kuhusu kuruka vile saba na kuanza pakiti mpya moja kwa moja.

Kinachowafanya wengi waache dawa ni hofu ya saratani ya matiti. Hofu hii ilienea baada ya mwaka 2002, utafiti mkubwa wa Marekani juu ya homoni uliposimamishwa katika sehemu yake moja. Lakini wanawake wa utafiti ule walikuwa na miaka 50 hadi 79, wastani wao miaka 63. Walikuwa wakiongezewa homoni katika umri ambao mwili haukuitarajia tena. Dada wa miaka 31 anarudishiwa ile ambayo wenzake wote wa rika lake wanayo. Haijaonekana kuwa hilo linamweka katika hatari ya saratani ya matiti kuliko mwanamke wa umri wake mwenye ovari zinazofanya kazi. Anayekatazwa kwa kawaida ni yule aliyekwisha kuugua saratani ya matiti, na huyo apangiwe njia nyingine na wataalamu wake. Aliyetibiwa saratani ya shingo ya kizazi ya aina iliyo ya kawaida anaweza kupewa, kwa uamuzi wa daktari wa saratani.

Dawa hii huendelea mpaka umri ambao hedhi ingekoma yenyewe, karibu miaka 50. Kwa dada yetu ni kama miaka 19. Ataonana na daktari angalau mara moja kwa mwaka, apimwe presha na uzito, na tezi ya shingo iangaliwe kila inapohitajika. Ndani ya miezi mitatu tangu aanze, jasho la usiku lilikoma na usingizi ukarudi. Wengi huacha dawa hapo, wakidhani wamepona. Jasho ndilo lililokoma. Ovari bado ziko vilevile, na siku anayoacha dawa mifupa inaanza kupungua tena.

Basi dada yangu, kama una chini ya miaka 40, na hedhi imekuruka au imekatika kwa miezi minne bila mimba, nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa, taja ni miezi mingapi na dawa unazotumia, na uombe kupimwa FSH. Jibu likizidi 25, usitoke chumbani kabla hujauliza maswali mawili: mifupa yangu italindwaje, na nitatumia estrojeni gani mpaka nifike miaka 50? Nawe mume au mama mkwe uliye karibu na redio, usimlaumu kwa sindano wala kwa dhambi asiyoijua. Mpe nauli aende kliniki, na msaidie asikose dawa yake.